Aliyeumia Akitenda Kosa: Kwa Nini Huweza Kukosa Fidia



Kila mtu anajua kwamba akigongwa barabarani kwa uzembe wa dereva, aweza kwenda kortini kumdai dereva huyo fidia ya kuvunjika kwake, ya matibabu yake, na ya siku alizokosa kazi. Shauri la namna hii huitwa shauri la daawa. Si Serikali inayomshitaki mtu ili afungwe, bali ni mtu mmoja anayemdai mwenzake malipo kwa hasara aliyomtia.

Lakini laja swali gumu. Je, ikiwa huyo aliyeumia alikuwa mwenyewe katikati ya kutenda kosa, sheria itamsikiliza? Wengine husema upesi kwamba mwizi hana haki yo yote. Wengine husema kwamba jeraha ni jeraha, na aliyelisababisha alipe. Majibu yote mawili yana kasoro, na anayeshika moja tu aweza kujiingiza katika hasara kubwa.

Asili ya kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1775 Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Mansfield, alieleza kwamba korti haitamsaidia mtu anayejenga madai yake juu ya tendo lake mwenyewe la uovu au la kuvunja sheria. Akaeleza pia jambo ambalo watu wengi hulisahau: korti haikatai madai hayo kwa kumpenda mdaiwa. Mara nyingi mdaiwa naye ni mkosaji vile vile, na kwake ni bahati tu kwamba anaponyoka. Korti hukataa kwa sababu haifai mkono wa sheria utumike kumtunza mtu kwa tendo ambalo sheria hiyo hiyo imelikataza.

Kanuni hii hufanyaje kazi pale mtu anapoumia? Yafaa kutazama shauri moja lililotokea Uingereza. Usiku mmoja wa Septemba, mwaka 1983, vijana wawili marafiki walikuwa wakirudi nyumbani kutoka dansini, na wote wawili walikuwa wamelewa. Aliyeendesha pikipiki alikuwa na umri wa miaka 16. Hakuwa na leseni, wala pikipiki haikuwa na bima. Aliyepanda nyuma alikuwa na umri wa miaka 18, naye aliyajua mambo hayo yote. Njiani kijana yule aliendesha kwa fujo, akiyumba upande huu na upande huu, akiwatisha watu kwa makusudi. Rafiki yake wa nyuma hakumkataza; alimtia moyo azidi. Mwishowe wakagongana na motokaa iliyokuwa ikija mbele yao. Mwendeshaji akafa papo hapo, na yule wa nyuma akaumia vibaya hata akabaki na kilema.

Kijana huyo aliyepona alifungua madai juu ya mali ya rafiki yake aliyekufa, na juu ya dereva wa motokaa pia. Dereva wa motokaa alionekana hana kosa. Basi likabaki swali la mwendeshaji wa pikipiki, ambaye bila shaka yo yote aliendesha kwa uzembe mkubwa. Shauri lilifika Korti ya Rufani, na katika mwaka 1990 majaji watatu wote walikataa madai ya kijana yule. Hakupata hata senti moja.

Sababu zao hazikulingana neno kwa neno, lakini mbili zafaa kukumbukwa. Ya kwanza ni kwamba madai yalizaliwa na kosa lenyewe. Kijana hakuumia wakati akiwa mkosaji kwa jambo jingine la kando. Aliumia kwa uendeshaji ule ule wa fujo alioutaka na kuusifu. Ya pili ni kwamba uzembe hupimwa kwa kuuliza dereva alipaswa kuwa mwangalifu kiasi gani kwa abiria wake. Sasa watu wawili wakipatana kuendesha kwa hatari ili wawatishe wengine, jaji atatumia kipimo gani? Hawezi kusema kwamba mwendeshaji alipaswa kuwatisha watu kwa uangalifu zaidi.

Katika shauri hilo kuna jambo jingine la kujifunza. Jaji wa kwanza alikuwa amesema kwamba, hata kama kanuni hii isingalikuwapo, kijana yule alijisababishia madhara yake yote, sehemu mia kwa mia. Majaji wa rufani walisema hesabu hiyo haiwezekani, kwa kuwa mwendeshaji naye alikuwa na kosa. Hapa ndipo zinapoonekana njia mbili tofauti. Njia moja ni kuyagawa makosa na kumpunguzia mdai fidia yake, na njia hiyo daima humwachia kitu. Njia nyingine ni kanuni ya kuvunja sheria, nayo haipunguzi, bali huufunga mlango wote. Kwa hiyo majaji huitumia kwa hadhari.

Hadhari hiyo yaonekana wazi katika shauri la pili, lililotokea Uingereza vile vile, mwaka 1988. Mzee mmoja mwenye umri wa miaka 76 alikuwa na kibanda katika kishamba chake cha mboga. Kwa kuwa wezi na waharibifu walikuwa wakimsumbua, alilala ndani ya kibanda hicho akilinda mali yake, na bunduki ya marisau karibu naye. Usiku wa manane akasikia mtu akijaribu kuvunja mlango. Mzee alitia mtutu wa bunduki katika tundu dogo la mlango akapiga, bila kuona ni nani aliye nje wala yuko wapi. Marisau yakamwingia mwizi mkononi na kifuani.

Mwizi alishitakiwa kwa makosa yake, akakiri. Mzee naye alishitakiwa kwa kumjeruhi mtu, akaachiliwa. Ndipo mwizi akamdai mzee fidia katika shauri la daawa. Watu wengi walidhani atafukuzwa kama yule kijana wa pikipiki. Lakini mwaka 1995 Korti ya Rufani ilikataa kumfungia mlango. Ilisema kwamba mwenye mali ana haki ya kujilinda kwa nguvu zinazolingana na hatari iliyopo, na kwamba kupiga bunduki mlangoni bila kuona kumezidi kiasi hicho. Mwizi hakugeuka kuwa mnyama wa kuwindwa kwa sababu tu ameiba. Hata hivyo theluthi mbili za lawama zilikuwa zake, akapewa theluthi moja tu ya fidia. Ni kama mtu ambaye majeraha yake yamepimwa kuwa ya shilingi 300,000, naye akaondoka na shilingi 100,000.

Yafaa kuuliza tofauti ya mashauri hayo mawili iko wapi. Haiko katika ukubwa wa dhambi, kwa maana wizi wa usiku si mdogo kuliko mchezo wa pikipiki. Tofauti iko katika kiungo kati ya kosa na jeraha. Kijana wa pikipiki na mwenzake walikuwa pamoja katika tendo moja, na tendo hilo ndilo lililowavunja. Mwizi na mzee hawakuwa na shirika lo lote; wizi ulimfikisha mwizi mlangoni, lakini kilichomjeruhi ni tendo la mtu mwingine lililopita kiasi.

Katika mwaka 2016 majaji tisa wa Mahakama ya Juu Kabisa ya Uingereza waliipanga upya kanuni hii. Shauri lenyewe lilihusu fedha, wala si majeraha, lakini mwongozo wao hutumiwa katika mambo yote. Walisema jaji ajiulize maneno matatu. Kwanza, sheria iliyovunjwa iliwekwa kwa kusudi gani, na je, kuyakataa madai kutalisaidia kusudi hilo? Pili, je, kuna faida nyingine ya watu wote itakayoharibika madai yakikataliwa? Tatu, je, adhabu ya kunyimwa madai inalingana na uzito wa kosa? Wale majaji walikumbusha kwamba kazi ya kumwadhibu mkosaji ni ya korti ya jinai, wala shauri la daawa lisifanywe kiboko cha pili.

Je, mambo haya ya Uingereza yanamhusu mtu wa Kenya? Yanamhusu. Sheria ya mwaka 1967 juu ya kazi za korti yaeleza kwamba, pale ambapo sheria zilizoandikwa hazisemi neno, korti za Kenya zitumie kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti, 1897, kwa kadiri zinavyofaa hali ya nchi na watu wake. Kanuni ya Lord Mansfield ilikwisha kuwapo siku hiyo. Hukumu za Uingereza zilizofuata baadaye si amri kwa jaji wa Nairobi au Kisumu, lakini huzisoma na kuzipima.

Na wafikiriwe abiria watatu waliopanda bodaboda. Wa kwanza hakuvaa kofia ya kinga, ingawa sheria inamtaka aivae. Bodaboda ikagongwa na lori lililohama upande wake. Kosa la abiria huyo ni dogo, tena halikulileta lori. Likimletea hasara, ni ile ya kupunguziwa fidia ikiwa kichwa chake kiliumia kwa kukosa kofia. Wa pili alikuwa na bidhaa za wizi mfukoni, na mwendeshaji hajui. Wizi huo haukuhusiana na ajali hata kidogo, wala hautazamiwi kumfungia mlango. Wa tatu alikuwa amepora mkoba wa mtu, na mwendeshaji ni mwenzake katika uporaji. Wakakimbia mbio za kuwaponyoka watu, wakaanguka. Huyo akimdai mwenzake fidia, yuko mahali pale pale alipokuwa kijana wa mwaka 1983, na ni vigumu kuona jinsi atakavyoshinda.

Mdaiwa naye ana wajibu wake. Taratibu za mashauri ya daawa nchini Kenya humtaka mtu anayetegemea uvunjaji wa sheria aandike wazi katika majibu yake ni mambo gani yanayouonyesha. Asiyeandika, akangoja kumshtua mwenzake siku ya shauri, aweza kukuta jaji hataki kumsikiliza. Tena ni lazima athibitishe aliyoyaandika. Haitoshi kusema kwamba mdai ana sifa mbaya kijijini.

Basi anayepanga kwenda na wenzake katika uovu ajue kwamba, akivunjika mguu katika kazi hiyo, aweza kubaki na mguu wake uliovunjika bila malipo, hata kama mwenzake alikuwa mzembe. Na anayemkamata mwizi nyumbani mwake ajue kwamba sheria inamruhusu kujilinda na kumshika, lakini haikumpa ruhusa ya kumpiga akiwa amekwisha kushikwa, wala kumpiga risasi gizani. Akifanya hivyo, mwizi aweza kurudi kwake kwa njia ya korti, akiwa na hati ya madai mkononi, naye mwenye nyumba ndiye atakayelipa.