Jina la Apu Yako Ni la Nani? Mazungumzo na Vijana Wabunifu

(Nakala ya mazungumzo ya afisa wa TEHAMA wa kaunti mbele ya vikundi vya vijana)



Nianze na kisa kilichofika ofisini kwetu. Kikundi kimoja cha vijana kilitengeneza apu nzuri ya kuagiza bidhaa. Waliingia eCitizen, wakalisajili jina lao la biashara kwa BRS, wakapewa cheti. Wakachapisha fulana, wakapaka rangi pikipiki mbili. Baada ya miezi saba wakaletewa barua ya wakili: jina lile lilikuwa alama ya biashara ya kampuni nyingine, iliyosajiliwa kabla yao. Walinionyesha cheti chao wakiniuliza, “Sasa hiki ni cha nini?”

Swali lao ndilo limenileta hapa. Cheti cha BRS kinasema kwamba biashara yenye jina hilo imesajiliwa na wenyewe ni nyinyi. Hakiwapi haki ya kulitumia jina hilo kama chapa ya apu. Haki hiyo inatolewa na ofisi nyingine, KIPI, yaani Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, iliyoko Nairobi. Daftari la BRS na daftari la KIPI ni mawili tofauti, na jina linaweza kuwa wazi katika moja na limekwisha chukuliwa katika jingine.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho. Tuseme mnataka apu ya kuwaunganisha wavuvi na wanunuzi. Jina la kwanza kumjia kila mtu ni Samaki Safi. Linaeleweka, lakini ni dhaifu, kwa sababu linaeleza tu bidhaa na ubora wake, na sheria yetu ya alama za biashara haipendi mtu mmoja amiliki maneno ambayo kila muuza samaki anayahitaji. Samaki Kilifi lina tatizo jingine: jina la mahali nalo ni gumu kusajiliwa kama chapa. Mwenzenu mmoja anapendekeza Tanga, kwa maana ya tanga la jahazi. Zuri, ila Tanga pia ni mji wa Tanzania, na mteja akitafuta mtandaoni ataletewa habari za mji.

Kisha mzee mmoja anasema, “Mbona msiiite Dema?” Dema ni ule mtego wa kusukwa wa kunasia samaki. Hapo mmepata kitu. Neno linagusa uvuvi bila kueleza moja kwa moja kile apu inachofanya. Majina ya aina hii ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi ya kulindwa.

Sasa mtajuaje kama liko wazi? Wengi huandika jina kwenye Google Play, wakikosa apu yenye jina hilo wanashangilia. Hiyo haitoshi. Google Play inaruhusu apu mbili ziwe na jina moja, na mwenye alama ya biashara huenda hana apu kabisa. Anzeni kwa kutafuta bila malipo katika hifadhi ya WIPO iitwayo Global Brand Database. Kenya imo katika mfumo wa kimataifa wa Madrid, kwa hiyo kampuni ya ng’ambo inaweza kuwa na alama inayolindwa hapa bila kuwa na duka hapa. Kisha pelekeni KIPI ombi la kutafutiwa jina kwa fomu TM27. Mtajibiwa kama kuna alama inayogongana na yenu, na kama jina lenyewe linafaa kusajiliwa.

Msitafute Dema peke yake. Tafuteni Deema, Dhema na Demah, kwa sababu kinachoangaliwa ni kama mteja anaweza kuchanganyikiwa akilisikia au akiliona. Pia angalieni madaraja. Alama husajiliwa kwa aina ya bidhaa au huduma: programu ya kupakua iko daraja la 9, na huduma za programu za mtandaoni daraja la 42. Dema la mtu anayeuza rangi za nyumba huenda lisiwaguse. Dema la mwenye apu ya chakula litawagusa sana. Mnakumbuka kelele za Hakuna Matata? Disney walisajili maneno hayo Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Sisi hatukuzuiwa kuyasema, ila usajili ule ulihusu fulana katika soko lile.

Mkiomba usajili, alama hutangazwa kwenye jarida la KIPI kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ikipita, inalindwa kwa miaka 10, na inaweza kuhuishwa.

Tuseme KIPI wamejibu kwamba Dema haligongani na kitu. Mkienda kwenye mitandao mtakuta neno fupi la herufi nne limekwisha chukuliwa karibu kila mahali. Msianze kuongeza nambari hapa na mstari pale, mkawa na jina tofauti kila mtandao. Chagueni umbo moja linalokubalika kote. X inaruhusu herufi 15 tu, tena haikubali nukta wala kistari cha kati. Kikoa, yaani anwani ya tovuti, hakikubali mstari wa chini. Kwa hiyo tumieni herufi tupu, zisizidi 15. Ritifaa nayo haipiti: Ng’ambo itakuwa ngambo. Na jihadharini na maneno yanapoungana. Dema Asubuhi inakuwa demaasubuhi, na nusu ya wateja wataandika “a” moja. Demaletu ni herufi nane, inasomeka vizuri, na hata redioni haihitaji kutajwa herufi kwa herufi.

Ingieni `whois.kenic.or.ke` muandike `demaletu.co.ke`. KENIC ndio wasimamizi wa vikoa vya .ke, lakini kununua ni kwa wasajili walioidhinishwa nao. Kikiwa wazi, kinunueni siku hiyo hiyo, na katika kikao hicho hicho mfungue akaunti za Instagram, Facebook, X na TikTok, hata kama mtaanza kuzitumia mwakani.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndiko tunakopata malalamiko mengi. Kikoa kinakuwa cha nani? Mara nyingi kijana anayejua kompyuta hukinunua kwa barua pepe yake na laini yake. Akigombana na kikundi, au akienda Gulf kikazi, ilani ya kulipia upya inamfikia yeye, hailipwi, tovuti inazimika, na mtu mwingine anaruhusiwa kukinunua. Sehemu iliyoandikwa Registrant iwe na jina la kikundi. Fungueni barua pepe ya kikundi, watu wawili wawe na nywila, na laini inayopokea misimbo ya uthibitisho iwe hai. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na nambari hupewa mtu mwingine.

Jambo la mwisho ni la fundi wenu. Apu ya Android ina kitambulisho ambacho kwa kawaida huundwa kwa kugeuza kikoa:

```
ke.co.demaletu.app
```

Jina linaloonekana na wateja mnaweza kulibadilisha baadaye. Kitambulisho hiki hakibadiliki tena baada ya apu kuchapishwa Google Play. Wale vijana wa barua ya wakili walichapisha apu yenye jina la zamani ndani ya kitambulisho. Walipoamua kukiacha, iliwabidi wachapishe apu mpya, wakaanza upya bila maoni wala nyota za wateja wao. Kwa hiyo fundi asipakie chochote kabla jibu la TM27 halijarudi na kikoa hakijalipiwa.

Maswali sasa. Naona mama kule nyuma ameinua mkono.