Ruhusa ya Picha: Sema Utaitumiaje

Msikilizaji, umeona picha ya jahazi, umeipenda, unataka iwe kwenye kalenda ya kikundi chenu. Subiri kidogo. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyeipiga. Kuandika jina lake chini ya picha ni adabu njema, lakini si ruhusa.

Mwombe kwanza. Na usiishie kusema, "Naomba kutumia picha yako." Kuitumia wapi? Mwandikie hivi:

"Habari za kazi. Naomba ile picha yako ya jahazi lililotweka tanga, iwe jalada la kalenda ya mwakani ya kikundi chetu. Tutachapa nakala mia mbili, na tutaziuza. Hatutaikata wala kubadili rangi. Jina lako litaandikwa. Je, unaruhusu, na malipo ni kiasi gani?"

Umelisikia hilo neno "tutaziuza"? Wengi hulificha, na ugomvi huanzia hapo.

Akikaa kimya, hajakubali. Tafuteni picha nyingine. Akikubali, tunza jibu lake. Ila ameruhusu kalenda tu. Mkitaka kuichapa kwenye fulana, mwombeni upya.