Pensheni ya Ng'ambo Isikatwe Kodi Mara Mbili



Tumetakiwa kueleza jambo linalowagusa wanachama waliofanya kazi ng'ambo kisha wakarudi mashambani mwao. Wazee hawa hupokea pensheni kutoka nchi walizozitumikia. Nchi ile hukata kodi kwa kuwa fedha zatoka kwake. Nasi hapa Tanzania, kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mkaazi hutozwa kwa mapato yake popote yatokako duniani. Basi shilingi moja yadaiwa na mabwana wawili.

Tuchukue mfano wa mzee aliyefanya kazi Amerika, asiye raia wa huko, ambaye mfuko wa Bima ya Jamii wa Amerika humpa dola 1,000 kwa mwezi. Sheria ya Amerika yahesabu asilimia 85 ya malipo hayo, yaani dola 850, na kuikata asilimia 30. Dola 255 hubaki huko, naye hupata 745. (Aliyechukua uraia wa Amerika hesabu yake ni nyingine kabisa, maana Amerika humtoza raia wake popote akaapo.)

Kwa wepesi wa hesabu tuseme dola moja ni Sh. 2,500. Pensheni nzima ni Sh. 2,500,000, na kodi ya Amerika ni Sh. 637,500. Kwa viwango vya hapa vilivyoanza Julai 2021, kodi ya mapato ya kiasi hicho kwa mwezi ni Sh. 578,000, ikiwa mzee hana mapato mengine. Zote mbili zikilipwa kamili, zafika Sh. 1,215,500. Karibu nusu ya pensheni imekwenda.

Hapo ndipo mikataba ya kuzuia kodi mbili ifaapo. Nchi mbili hupatana ni ipi itakayotoza, au itakayotoza kwanza na kwa kikomo gani. Kwa desturi ya mikataba hii, pensheni ya kampuni huachiwa nchi anakokaa mzee. Pensheni ya aliyekuwa mtumishi wa Serikali huachiwa Serikali iliyomwajiri, isipokuwa mzee ni mkaazi na raia wa nchi ya pili. Lakini si mikataba yote ifuatayo desturi hiyo, na kila mmoja husomwa kwa maneno yake wenyewe. Misri ina mkataba na Amerika uliotiwa saini mwaka 1980, na mkaazi wa Misri hakatwi ile asilimia 30. Tanzania haina mkataba wa namna hiyo na Amerika, wala na Uingereza. Inayo na Kanada, Uhindi, Swideni, Norwe, Denmaki, Finlandi, Italia, Afrika Kusini na Zambia. Kama tungekuwa na mkataba kama ule wa Misri, mzee wetu angelipa Sh. 578,000 za hapa tu.

Je, asiye na mkataba aachwe mikono mitupu? La. Sheria yetu yenyewe yamruhusu kuomba kodi aliyolipa kule ipunguzwe katika kodi ya hapa, bali isipite kiasi ambacho mapato hayo yangetozwa hapa. Kwa mzee wetu, Sh. 578,000 zafutwa zote. Zile Sh. 59,500 zilizozidi hazitarudishwa na Mamlaka ya Mapato. Mzigo wake wabaki Sh. 637,500, ile ya Amerika peke yake.

Wengi huharibikiwa mahali pamoja: huandika katika hesabu zao kile kilichofika benki tu, yaani dola 745, wakidhani wamejipunguzia. Kumbe wameficha sehemu ya mapato bila kukusudia, tena wamepoteza haki ya kupunguziwa. Kwa dola 745 kodi ya hapa ni Sh. 386,750, nao huilipa juu ya ile ya Amerika, hali wangeandika dola 1,000 na kudai nafuu wasingelipa hapa hata senti. Ushahidi wa kodi ya Amerika ni hati iitwayo SSA-1042S, ambayo mfuko huipeleka kila Januari kwa anwani ya mpokeaji. Aliyehama bila kutoa habari ya anwani mpya hukosa hati, na pasipo hati dai ni gumu.

Kwa wapokeao pensheni kutoka nchi zenye mkataba nasi, nafuu haiji yenyewe. Mlipaji aliyeko ng'ambo hukata kiwango cha kawaida mpaka athibitishiwe kuwa mzee ni mkaazi wa Tanzania. Uthibitisho huo ni hati ya ukaazi itolewayo na Mamlaka ya Mapato, nayo yafaa ipelekwe kwa mlipaji kabla ya malipo ya kwanza. Akichelewa, kilichozidishwa hudaiwa kwa ofisi ya kodi ya nchi iliyokata, wala si kwa ofisi ya wilaya yetu, na kila nchi ina muda wake, ambao ukipita dai hukataliwa.