Kilo Tano kwa Wiki Nne: Barua ya Kurudi Kazini Katika Kiwanda cha Kahawa

Mada kwa semina ya makarani na mameneja wa viwanda vya kahawa, Nyeri

Niliombwa nizungumze juu ya mfanyakazi anayerudi baada ya likizo ndefu ya ugonjwa, na hasa ile barua fupi anayowaandikia wenzake. Niliandika mbili, moja mbaya na moja nzuri. Nitaanza na ile mbaya, maana ndiyo iliyonifunza.

Kidole tumbo changu kilipasuka Agosti. Nikapasuliwa tumbo, kidonda kikaingia usaha, kikafunguliwa tena na kuachwa kijifunge chenyewe kutoka ndani. Wiki tisa nilikuwa nje. Nilirudi katikati ya Oktoba, na ninyi mnajua Oktoba ni nini: mavuno makuu yanaanza, mvua za vuli nazo zinabisha hodi. Usiku wa kuamkia kazi niliandika kwenye kundi letu la simu hivi: "Wapendwa, Mungu ni mwema, narudi kesho. Daktari ameniruhusu kazi nyepesi. Asanteni kwa yote."

Maneno mawili yaliniumiza: kazi nyepesi. Meneja alielewa kwamba nisibebe magunia. Akina mama wa kuchambua walielewa kwamba nisiguse chochote, wakaninyang'anya hata kalamu. Mzee wa mashine alielewa kwamba kukaa kitini usiku kucha kando ya mota, nikihesabu makasha, ni kazi nyepesi kuliko zote. Siku ya tatu foleni ya wakulima ilikuwa imefika getini, na cheri haingoji kesho. Isipomenywa siku ile ile huanza kuchacha na daraja linashuka. Nikabaki hadi saa nne usiku. Kisha nikapanda kilima kwa miguu, kwa kuwa viwanda vyetu vimejengwa chini bondeni karibu na mto na barabara iko juu kwenye mgongo wa kilima. Nikafika nikitetemeka, upande wa mshono ukichoma. Kliniki walinikagua wakakuta hakuna kilichofumka, lakini nikarudishwa nyumbani wiki moja zaidi.

Hakuna aliyenionea. Kila mmoja alitii barua yangu kwa kadiri alivyoisoma.

Nikiwa nyumbani nilijiuliza: sisi ni watu wa mizani, mkulima akileta cheri hatumwambii ameleta "nyingi kidogo", tunamwandikia kilo na nusu kilo. Mbona nilipojiandikia mwenyewe niliacha mizani? Nikamrudia daktari nikamwomba tarakimu. Akanipa kilo tano kwa wiki nne, kisha kilo kumi kwa wiki nne nyingine, na kati ya hizo nirudi kukaguliwa. Akaongeza jambo nililokuwa silijui: mshono hauumizwi na kuinua tu. Kuvuta, kusukuma na kujinyoosha ukiwa umeshika kitu kizito pia huongeza shinikizo ndani ya tumbo. Ngozi hufunga mapema ikakudanganya, lakini tabaka gumu lililo chini yake huchukua miezi kupata nguvu, na hata baada ya hapo halirudi sawasawa na lilivyokuwa.

Kabla ya kuandika chochote nilikwenda kwa meneja na hati ya daktari, tukaketi. Hili ni la kwanza kwa mpangilio ingawa halionekani katika barua. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu, kila miezi kumi na miwili, akiwa na hati ya daktari. Wiki kumi zimevuka hapo mbali sana. Kinachozidi kinategemea mkataba wako au makubaliano na kamati, na vivyo hivyo malipo ya siku fupi. Ukiwaandikia wenzako saa nne za kazi kabla hujakubaliana saa hizo zinalipwaje, utaacha barua yako siku ya mshahara na kuanza kukimbiza saa.

Hii ndiyo barua ya pili, kama ilivyobandikwa kwenye ukuta wa chumba cha mizani:

"Kwa wenzangu wa kiwanda. Narudi Jumatatu. Kwa wiki nne nitakuwepo Jumatatu hadi Ijumaa, saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja pikipiki itanipandisha barabarani, hata foleni ikiwa ndefu.

Nitafanya haya: kuandika kitabu cha mizani na risiti za wanachama, nikiwa nimekaa, kujumlisha kilo za jana, kuandaa orodha ya vibarua kila Ijumaa.

Sitafanya haya: kuinua kitu kinachozidi jerikeni la lita tano lililojaa, kuburuta gunia, kuvuta nailoni za vitanda, hata mvua ikianza, kushuka kwenye mashine, zamu ya usiku.

Karani msaidizi atasoma mizani. Kuanzia saa kumi na moja kitabu na ufunguo wa stoo ni vyake, na sahihi yake inatosha. Meneja amekubali.

Mkiniona nimeshika tumbo nikikohoa, msishtuke, ndivyo nilivyofundishwa. Nikisema nakwenda hospitali, nitakwenda saa hiyo hiyo.

Tutaangalia upya Ijumaa ya wiki ya nne, baada ya kliniki. Kabla ya hapo hakuna kinachobadilika, hata mimi mwenyewe nikiomba."

Niseme kwa nini imeandikwa hivi.

Jerikeni kwanza. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo jerikeni la lita tano lililojaa ni kilo tano na kitu, na kila mtu kiwandani ameshalibeba. Ningeandika "kilo tano" tu, kibarua angelazimika kukisia. Ndoo ya lita 20, ambayo mtu hukuomba "nisaidie hii tu", ni mara nne ya kiwango changu. Siku ya kwanza nilijaza jerikeni nikaliweka kando ya mizani. Mtu akitaka nishike kitu, anapima kwa mkono wake mwenyewe.

Nailoni za vitanda zimepewa nafasi yake kwa sababu ndizo zingenimaliza. Kahawa iko juani, wingu linashuka kutoka Nyandarua, mtu anapiga kelele, na kiwanda kizima kinakimbia kufunika. Nailoni yenyewe si nzito. Lakini ukiwa umenyoosha mikono juu ya kitanda, umeegemea ubao, unavuta huku upepo ukivuta upande wa pili, tumbo ndilo linalofanya kazi. Na kwa wakati huo hakuna anayefikiri, wewe wa kwanza. Kazi za dharura lazima zikataliwe mapema na kwa jina, maana wakati wake hauna nafasi ya maelezo.

Saa nilizochagua zilibishaniwa. Meneja alitaka nije asubuhi, nipumzike mchana, nirudi jioni foleni inapokuwa kubwa. Nikamwonyesha hesabu ya kilima: hiyo ni safari mbili za kushuka na mbili za kupanda kwa siku, au safari nne za pikipiki juu ya murami. Njia ya kwenda kazini ni sehemu ya kazi kwa mwili unaopona, nasi wa huku milimani tunaisahau kwa kuwa tumezoea. Tukakubaliana nije mara moja, nikute mwanzo wa foleni, niache mwisho wake. Hasara ilikuwepo, sifichi. Saa ya msongamano mkubwa ni baada ya saa kumi na moja, na karani msaidizi aliibeba peke yake.

Ndiyo sababu ya ule mstari wa ufunguo na sahihi. Katika barua nyingi za namna hii nilizoonyeshwa, mtu hutaja asichoweza, halafu kazi ile inabaki hewani. Anayeipokea hajui kama ana mamlaka, kwa hiyo kila dakika kumi anakupigia simu nyumbani: mwanachama huyu anadai kilo zimepungua, nifanyeje? Kumpa mtu kazi bila sahihi ni kumtuma sokoni bila pesa. Sahihi ilipokuwa yake, simu zilikoma siku ya pili.

Ugonjwa wenyewe hautajwi. Hati ilikwenda kwa meneja, nayo ikabaki kwenye faili; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Wenzangu wanahitaji kujua nini kinaniwezekana, si usaha ulitoka siku ngapi. Hata hivyo nilitaja kushika tumbo, kwa sababu wangeniona na kila mmoja angejitungia maelezo. Alama za hatari nilimwambia karani msaidizi pekee, kwa hiari yangu: uvimbe kwenye mshono unaojitokeza nikikohoa au nikisimama na kurudi nikilala ni dalili ya ngiri na ni wa kuonyeshwa kliniki bila kungoja miadi; uvimbe mgumu usiorudi, wenye maumivu na kutapika, ni wa kwenda hospitali usiku huo huo.

Sasa shukrani. Barua ya kwanza ilikuwa nayo, ya pili haina, na si utovu wa adabu. Nilipolazwa wenzangu walichanga kwa M-Pesa hadi bili ikaisha. Huku kwetu mtu aliyechangiwa hurudi na deni ambalo hakuna anayemdai, naye hulilipa kwa mgongo wake. Siku ile ya tatu sikubaki hadi saa nne kwa sababu ya amri. Nilibaki kwa sababu nilimwona mzee wa mashine, aliyetoa mshahara wa siku mbili kwa ajili yangu, akihangaika peke yake. Shukrani nilizitoa kwa mdomo, kwa chai na mandazi, siku nyingine. Ukiandika asante na sitaweza kwenye karatasi moja, kila sitaweza inasomeka kama ukosefu wa shukrani, na wa kwanza kuisoma hivyo ni wewe.

Hapo ndipo ulipotoka ule mstari wa mwisho, kwamba hakuna kinachobadilika hata nikiomba. Wiki ya pili niliomba. Nilijisikia mzima, foleni ilikuwa ya kutisha, nikamwambia karani msaidizi aniache nishike mizani saa moja tu. Akanyoosha kidole ukutani, akaendelea kusoma kilo.

Barua hii ina mipaka yake. Inahitaji mtu wa pili. Kwenye kituo cha kununulia majani chai chenye karani mmoja, au darasani Karatina ambako mwalimu ana vipindi vyake na hakuna wa kuvishika, orodha ya "sitafanya" itabaki karatasi mpaka mwajiri alete mtu. Huko barua ya kwanza iende kwa mwajiri, ikiomba mtu huyo kwa wiki zilizotajwa, ndipo wenzako waandikiwe.

Ijumaa ya wiki ya nne kliniki walinipa kilo kumi. Tulibadilisha mistari mitatu: jerikeni likawa la lita kumi, saa ya kuondoka ikawa saa moja jioni, na nikarudishiwa mizani kwa mizigo ambayo wakulima wenyewe wanaipandisha. Nailoni na zamu ya usiku zilibaki palepale hadi Januari.