Ruhusa ya Jumatano: mzazi, meneja na plasta ya mtoto

(Mazungumzo kwa waajiri, wasimamizi wa vitengo na wafanyakazi, Voi)

Ombi linalozungumzwa leo huanza kwa maneno machache tu mlangoni: "Bosi, naomba kila Jumatano nitoke saa nane, mtoto ana kliniki." Jibu nalo huwa fupi: "Sawa mama, nenda, tutaelewana." Wiki ya nne meneja yuko likizo, anayeshika nafasi yake hajui lolote, na mama anaandikwa mtoro. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Shida ni kwamba hakuna aliyesema ruhusa hiyo ni ya wiki ngapi, wala saa zinazokosekana zitahesabiwa vipi.

Chukua mfano wa karani wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Voi. Anaishi Mwatate. Anaingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, na ana saa moja ya chakula. Mwanawe ana miezi minne na alizaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Kwa kawaida tiba huanza katika wiki za kwanza za maisha, wakati mama bado yuko kwenye likizo yake ya uzazi ya miezi mitatu. Huyu alichelewa kuelekezwa kliniki, kwa hiyo tiba imemkuta mama amesharudi kazini.

Tiba inayotumika, inayoitwa njia ya Ponseti, ina ratiba inayojulikana, na hilo ndilo linalomsaidia meneja. Mtaalamu huunyoosha mguu kidogo kwa mikono, kisha huufunga plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti. Baada ya wiki moja plasta hutolewa, mguu hunyooshwa tena kidogo, na plasta mpya hufungwa. Kwa watoto wengi plasta tano hadi saba hutosha. Mara nyingi hufuata upasuaji mdogo wa kukata mshipa wa kisigino uliokaza, na plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku na wakati wa kulala tu hadi afikishe miaka minne au mitano.

Kwa hiyo ruhusa ya kila wiki si ya mwaka mzima. Ni ya wiki sita hivi.

Wapo wanaouliza kwa nini bibi asimpeleke mtoto. Bibi anaweza, na siku nyingine itabidi. Lakini mtoto anayelia huukaza mguu, na mguu uliokaza haufungwi vizuri. Anayenyonya hutulia na mguu ukalegea. Tena mama ndiye anayeonyeshwa namna ya kukagua vidole nyumbani: vikivimba, vikiwa vya buluu au vyeupe, au vikianza kuzama ndani ya plasta, mtoto arudishwe kliniki siku hiyo hiyo, asingoje Jumatano. Meneja aliyekwisha kuelezwa hilo hatashangaa simu ikija Ijumaa asubuhi.

Sasa hesabu. Kutoka saa nane badala ya saa kumi na moja ni saa tatu. Kwa wiki sita ni saa 18. Ongeza siku nzima ya upasuaji, saa nane, na saa tatu za kutoa plasta ya mwisho. Jumla ni saa 29, ambazo hazifiki siku nne za kazi. Mameneja wengi wakisikia "kila wiki" hufikiria hasara kubwa kuliko hiyo.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina kifungu kinachompa mzazi haki ya kutoka mapema kila wiki kwa ajili ya tiba ya mtoto. Likizo ya ugonjwa ya kifungu cha 30 ni ya mfanyakazi mwenyewe anapougua, kwa hiyo kumtafutia mama cheti cha ugonjwa asioumwa ni kumtia kwenye uongo. Kifungu cha 28 kinampa mfanyakazi aliyemaliza miezi 12 siku zisizopungua 21 za kazi za likizo ya mwaka, na kinaruhusu zigawanywe kwa makubaliano. Upande wa pili kuna kifungu cha 44: kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali kunaweza kuhesabiwa kosa kubwa la kumfukuzisha mtu. Ndiyo maana ruhusa ya mdomo ni hatari, hata ikitolewa kwa moyo mwema.

Karani wetu ana njia tatu. Anaweza kukata saa hizo kwenye likizo yake ya mwaka. Anaweza kuzifidia, kwa mfano kwa kufungua duka saa moja asubuhi siku tatu za wiki, mradi kuwe na kazi ya kweli saa hiyo na matatu ya alfajiri kutoka Mwatate ipatikane. Au anaweza kukubali saa hizo zisilipwe. Ya tatu ndiyo nyepesi kwa mwajiri na nzito kwa nyumba ambayo tayari inalipa nauli za ziada. Kwa saa 29, kuchanganya mbili za kwanza kunatosha: saa 18 afidie, na siku ya upasuaji na ile ya kutoa plasta zitoke kwenye likizo.

Barua yenyewe haihitaji ukurasa mzima. Kwa mfano:

"Naomba ruhusa ya kutoka saa nane mchana kila Jumatano kwa wiki sita, kumpeleka mwanangu kliniki. Nitafidia saa tatu kwa kuingia saa moja asubuhi Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Kutakuwa na siku moja ya upasuaji, ambayo nitaiombea likizo nikipewa tarehe. Jumatano mchana mwenzangu wa stoo amekubali kushika stakabadhi. Nitaonyesha kadi ya kliniki kila wiki. Tarehe ikibadilika, nitatoa taarifa siku hiyo hiyo."

Meneja naye ajibu kwa maandishi, aweke tarehe ya kuanza na ya kuangalia upya, na nakala iingie kwenye faili. Kadi ya kliniki inatosha kuwa ushahidi. Hana haja ya faili la matibabu, na habari za mtoto zisibandikwe kwenye ubao wa zamu. Wenzake wanahitaji kujua kwamba Jumatano saa nane hayupo, basi.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ni habari nyingine. Tiba yake ya viungo haina plasta ya mwisho. Huenda ikaendelea kwa miaka, mara kila wiki, mara kila mwezi, na sehemu kubwa hufanywa nyumbani kwa mazoezi ambayo mzazi amefundishwa. Hapo kuandika "wiki sita" ni kujidanganya. Heri makubaliano ya miezi mitatu mitatu, yakiangaliwa upya kila mtaalamu anapobadilisha ratiba. Likizo ya mwaka pia haifai kuwa nguzo: saa tatu kila wiki kwa wiki 50 ni saa 150, karibu siku 19, na kati ya siku 21 mzazi atabaki na mbili tu za kupumzika. Kwa mzazi huyo mabadiliko ya saa za kazi ndiyo njia, na yakishakubaliwa yaandikwe kama badiliko la mkataba wake, jinsi kifungu cha 10 kinavyotaka.