Nani Anampa Nani? Tathmini ya Ushahidi wa Ubadilishanaji wa Fosforasi na Kaboni kati ya Mimea na Kuvu za Mikoriza



Maelezo ya mikoriza tuliyoyazoea ni mafupi na yanaingia akilini upesi: kuvu huipa mmea fosforasi, mmea huilipa kuvu sukari, na wote wawili hunufaika. Sitayakana maelezo hayo. Ninalotaka tulijadili leo ni ushahidi unaoyabeba, hasa kipimo tunachokitumia kuamua kwamba kuvu "imefanya kazi". Kwa muda mrefu kipimo hicho kimekuwa ukubwa wa mmea, na hoja yangu ni kwamba ukubwa wa mmea hautuambii nini kimepita kati ya pande hizi mbili. Nitajifunga kwenye mikoriza ya arbuskuli, ile inayoingia katika mizizi ya mahindi, mtama, mihogo, migomba na mazao yetu mengine mengi. Kabichi na sukuma wiki haziko katika kundi hilo, maana jamii yao haiundi uhusiano huu.

Tuanze na fosfeti yenyewe. Katika udongo mwekundu wenye tindikali, wenye oksidi nyingi za chuma na alumini, fosfeti hushikwa na chembe za udongo, na ile kidogo iliyomo kwenye maji ya udongo husogea polepole mno. Mzizi unapofyonza, huacha ukanda mtupu wa milimita moja au mbili kuuzunguka, na kuanzia hapo hufyonza kwa kusubiri. Nyuzi za kuvu, ambazo unene wake ni wa mikromita chache tu, huuvuka ukanda huo na kufika sentimita kadhaa mbele. Huichukua fosfeti huko, huiunganisha kuwa minyororo ya polifosfeti na kuisafirisha hadi ndani ya mzizi. Humo, ndani ya seli, kuvu huchipua matawi madogo mengi yanayoitwa arbuskuli, na hapo ndipo makabidhiano yanapofanyika. Upande wa mmea kuna protini maalumu ya kupokea fosfeti hiyo. Katika mmea wa maabara uitwao Medicago truncatula, ambao ni jamaa ya lusini, protini hiyo inajulikana kama PT4. Ikiharibiwa, arbuskuli hufa mapema. Upande wa malipo nao umesahihishwa: tafiti za mwaka 2017 zilionyesha kwamba mmea hautoi sukari peke yake bali pia mafuta, kwa kuwa kuvu hizi haziwezi kujitengenezea asidi za mafuta za msingi.

Sasa twende kwenye kipimo. Jaribio la kawaida ni hili: unachemsha udongo kwa mvuke ili kuua kuvu, unaugawa kwenye vyungu, nusu ya vyungu unaitia kuvu na nusu huitii. Baada ya wiki kadhaa unavuna, unakausha na kupima. Mmea wenye kuvu ukiwa mzito zaidi, unaandika kwamba kuvu imesaidia. Uzito ukilingana, unaandika kwamba haikusaidia. Ukipungua, unaandika kwamba kuvu imegeuka kupe.

Kwa zao kama muhogo, njia hii ilitoa jibu zuri. Watafiti wa kituo cha CIAT nchini Kolombia, katika miaka ya 1970 na 1980, walikuwa na kitendawili mkononi. Muhogo uliokuzwa kwenye maji yenye virutubisho ulidai fosforasi nyingi kuliko mahindi, lakini shambani ulistawi kwenye udongo maskini uliowashinda mahindi. Mizizi ya muhogo ni minene na ina vinyweleo vichache, kwa hiyo kuifuata fosfeti kwa nguvu zake yenyewe haiwezi. Walipoua kuvu za udongo, muhogo ulidumaa. Walipozirudisha, ulikua. Hapo tofauti ya uzito ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kipimo kingine.

Taabu huanza mmea usipoonyesha tofauti. Mwaka 2003 Sally Smith, Andrew Smith na Iver Jakobsen walichapisha jaribio ambalo, kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa somo hili angepaswa kulisoma kabla ya kugusa chungu. Walitumia mimea mitatu, yaani kitani, Medicago na nyanya, pamoja na aina tatu za kuvu. Ndani ya kila chungu waliweka kichupa cha udongo kilichofungwa kwa wavu wa nailoni wenye matundu ya mikromita 25. Mzizi haupiti hapo, lakini uzi wa kuvu unapita. Udongo wa kichupani ulitiwa fosforasi yenye unururifu, isotopu ya 33, ili kila chembe itakayofika kwenye majani ijulikane ilipita njia gani.

Kitani kilinenepa kwa kuvu. Nyanya hazikunenepa. Kwa kipimo cha zamani tungesema kuvu haikuipa nyanya kitu, lakini isotopu ilisema vingine: pale kuvu ilipokuwa Glomus intraradices, karibu fosforasi yote ya nyanya ilikuwa imepita kwa kuvu. Kuvu ya jenasi ya Gigaspora, kwa upande wake, ilipeleka kidogo sana. Yawezekanaje mmea upewe karibu fosforasi yake yote na usinenepe? Jibu ni kwamba kuvu ikishaingia, mzizi hupunguza ufyonzaji wake wenyewe. Mlango mmoja hufunguliwa na mwingine hurudishwa, na jumla inabaki ileile. Anayepima jumla peke yake hawezi kuuona mlango wa pili.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inafaa tuipitie kwa sababu udhaifu wa njia hii umejificha humo. Chukua mfano wa kufundishia: chungu kina udongo wa kilo 1, na gramu 50 kati ya hizo zimo kichupani, yaani sehemu moja ya ishirini. Kama fosforasi yote ya mmea ingepita kwa kuvu, na kuvu ikawa imesambaa sawasawa chungu kizima, basi asilimia 5 ya fosforasi ya mmea ingetoka kichupani. Unapima unururifu kwa kila miligramu ya fosforasi ya mmea, unaulinganisha na ule wa fosforasi inayopatikana kichupani, na unakuta ni asilimia 4. Gawanya 4 kwa 5, unapata asilimia 80. Hiyo ndiyo sehemu iliyoletwa na kuvu.

Angalia sasa lile neno "sawasawa". Udongo wa kichupani hauna mizizi ya kushindana nayo, na kuvu huenda ikajazana humo. Nyuzi zikiwa nyingi maradufu kichupani kuliko nje, kichupa kingetarajiwa kutoa asilimia 9.5 badala ya 5, na ile 80 yako inashuka hadi kama 42. Zikiwa chache humo, hesabu inaweza hata kuvuka 100, jambo ambalo haliwezekani. Ndiyo maana ripoti isiyotaja urefu wa nyuzi katika kila gramu ya udongo, wa kichupani na wa nje, mimi huisoma kwa mashaka. Vilevile lazima pawepo chungu kisicho na kuvu lakini chenye kichupa kilekile. Mmea wake ukionekana na unururifu, basi fosfeti imevuja kwenye wavu. Na kwa kuwa nusu ya isotopu hii hupotea kila baada ya siku 25 hivi, vipimo vyote virudishwe kwenye tarehe moja kabla ya kulinganishwa.

Swali la pili ni la bei. Mwaka 2011 Toby Kiers na wenzake walitoa matokeo yaliyoleta fikra ya soko: mmea ulielekeza kaboni zaidi kwa kuvu iliyoleta fosforasi zaidi, na kuvu nayo ikapeleka fosforasi zaidi kwa mzizi wenye sukari zaidi. Jaribio hilo lilifanywa kwa ustadi. Hata hivyo lilitumia mmea wa aina moja na kuvu chache zenye undugu, na sehemu yake ilifanywa kwa mizizi iliyokuzwa kwenye sahani za maabara, bila shina wala majani. Mzizi wa namna hiyo haupati kivuli, haukatwi na mbuzi, wala hauna jirani wa jamii nyingine.

Mwaka uliofuata Florian Walder na wenzake waliweka jirani. Walipanda kitani na mtama katika chungu kimoja, mizizi ikatenganishwa kwa wavu na kuvu ikaunganisha pande zote mbili. Kaboni ya mtama hutofautiana kiasili na ya kitani kwa kiwango cha isotopu 13, kwa hiyo waliweza kujua kuvu inalishwa na nani. Mtama ndio uliobeba sehemu kubwa ya gharama. Kitani kilitoa kidogo, kisha kikachukua hadi asilimia 94 ya nitrojeni na fosforasi iliyoletwa na kuvu. Kwa kanuni ya soko, mtama ulipaswa kugoma. Haukugoma, na ukuaji wake haukuathirika sana. Tafsiri ninayoiona nyepesi zaidi ni kwamba kaboni ile ilikuwa ziada kwa mtama, na kinachotolewa katika ziada hakiwezi kuhesabiwa kama bei. Wapo watakaobisha, na nafasi ya kubisha ipo: chungu kimoja chenye mimea miwili si shamba. Lakini baada ya jaribio hili, kuandika katika kitabu cha kiada kwamba mimea na kuvu "hulipana kwa haki" ni kusema zaidi ya ushahidi uliopo.

Nina neno moja pia juu ya udongo uliochemshwa. Mvuke hauchagui. Huua bakteria pamoja na kuvu, na huachia nitrojeni na manganizi vilivyokuwa vimefungwa. Kwa hiyo vyungu visivyo na kuvu virudishiwe bakteria, kwa kuchuja maji ya udongo halisi kupitia karatasi inayozuia spora. Mwishoni mizizi ya vyungu vyote isafishwe kwa potasi, itiwe rangi na kutazamwa kwa hadubini. Nimeona ripoti za mafunzo zilizoruka hatua hiyo ya mwisho, na msomaji hana namna ya kujua kama kuvu iliyotiwa iliingia mzizini, wala kama chungu kilichoitwa safi kilibaki safi.

Hali ni tata zaidi shambani, kwa sababu udongo wa shamba tayari una kuvu zake. Anayemwaga pakiti ya kuvu ya dukani kwenye shina la mhindi hafanyi lile jaribio la kuwepo au kutokuwepo kwa kuvu. Anaongeza mgeni penye wenyeji, na mara nyingi pakiti hiyo imechanganywa na mbolea. Mavuno yakipanda hatujui kipi kimeyapandisha. Yasipopanda, matokeo ya nyanya mwaka 2003 yanatukataza kusema kwamba kuvu haikupeleka kitu. Naomba basi ripoti za majaribio mtakazoandika katika kozi hii ziwe na mambo matatu kando ya mavuno: kiwango cha mizizi iliyoingiwa na kuvu kabla na baada ya kutia pakiti, shamba la kulinganisha lililotiwa pakiti ileile ambayo kuvu zake zimeuawa kwanza, na kiasi cha fosforasi ndani ya majani. Ripoti isiyo na mambo hayo isitumike kumshauri mkulima anunue pakiti hiyo.