Bustani Ndogo na Mzunguko wa Misimu Minne
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka)



Halmashauri ilituomba tuseme machache juu ya bustani za mboga ambazo wengi wetu tumeziacha nyumbani mikononi mwa mama na wake zetu, nasi huku mjini tukipeleka fedha za mbegu na mbolea kila mvua zinapokaribia. Fedha hizo mara nyingi hupotea kwa sababu moja, nayo ndiyo tutakayoieleza kwa habari ya bustani ya mama mmoja wa chama hiki.

Bustani yake ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 9, nayo imelala juu ya mteremko. Wakati wa masika nyanya zake zilistawi vizuri mpaka zikaanza kuzaa, kisha mashina yakaanza kulegea mchana, mmoja mmoja, huku majani yakiwa bado mabichi. Jirani walisema ni jua, basi akazidisha maji. Wengine wakasema ni njaa ya udongo, basi akanunua mbolea. Katika muda wa siku chache mistari miwili ikalala chini.

Ugonjwa huu ni mnyauko wa bakteria, na kuutambua hakuhitaji mtaalamu. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, ukining'inize ndani ya bilauri ya maji safi, wala usiitikise. Baada ya dakika chache, ikiwa ni ugonjwa huu, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka pale ulipokata. Uko mnyauko mwingine uletwao na kuvu, lakini huo huanza kwa majani kuwa manjano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, wala hautoi nyuzi hizo. Katika viazi ulaya, kata kiazi katikati. Pete ya rangi ya kahawia yenye kutoa utomvu mzito ni alama ile ile.

Bakteria hao hukaa udongoni wakingoja mizizi waipendayo, na hakuna dawa ya kupulizia majani iwezayo kuwafikia. Njia iliyo wazi kwa mwenye bustani ndogo ni kuwanyima chakula kwa muda mrefu. Hapa ndipo watu wengi hukosea, maana huhesabu majina ya mazao badala ya kuhesabu jamaa zake. Mtu aliyetoa nyanya akapanda viazi ulaya hudhani amebadilisha, kumbe nyanya, viazi ulaya, biringanya, pilipili na mnavu wote ni watoto wa nyumba moja. Hata mtunguja uotao kando ya ua ni ndugu yao. Kwa bakteria, karamu haikukatika hata siku moja.

Basi tuligawanya bustani ile vitalu vinne, tukianzia juu ya mteremko: A, B, C na D. Masika yale A kilikuwa na nyanya, B vitunguu, C maharagwe, na D sukuma wiki na kabichi. Amri ya kila kitalu ni hii: baada ya nyanya huja vitunguu, baada ya vitunguu maharagwe, baada ya maharagwe sukuma wiki na kabichi, kisha nyanya hurudi. Sukuma wiki hufuata maharagwe kwa kuwa ni mlaji mkubwa, na mizizi ya maharagwe huiachia udongo chakula. Kwa kuwa sisi tuna masika na vuli kila mwaka, misimu minne ni miaka miwili, na kila kitalu hupumzika jamaa ya nyanya kwa misimu mitatu mfululizo.

Mkitazama vizuri mtaona kwamba kwa mpango huu nyanya hutoka A kwenda D, kisha hupanda C, na B, mpaka zirudi A. Jambo hili ni la faida, kwa sababu maji ya mvua hubeba ugonjwa kuelekea chini, na nyanya mara nyingi zinapanda juu. Hatua moja tu ni ya hatari, nayo ni ile ya kutoka A kwenda D. Kwa hiyo vuli iliyofuata tulimshauri mama asipande nyanya kabisa. D kilipata mahindi ya kuchemsha. Tena tulichimba mfereji chini ya kitalu A, ukapeleka maji kwenye majani ya ng'ombe kando ya shamba, yasipite katika vitalu vingine. Masika yaliyofuata nyanya ziliingia C, na vuli yake B.

Kitalu A ni habari nyingine. Zamu yake ya nyanya itakapofika katika msimu wa 5, kitapata mahindi badala yake, kisha kiendelee na mzunguko kama kawaida. Ndivyo kitakavyokaa misimu saba bila jamaa ile. Bakteria hawa waweza kudumu udongoni zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo kitalu kilichokwisha kuugua hakitendewi sawa na kizima.

Mambo matatu huvunja mpango huu hata kama umeandikwa kwa hati nzuri. Kwanza, viazi vilivyosahauliwa ardhini huota vyenyewe katikati ya maharagwe, na mnavu huachwa kwa kuwa ni mboga. Yote hiyo ing'olewe, na mnavu wa kula upandwe ndani ya kitalu cha nyanya tu. Pili, mbegu ya viazi au miche ya nyanya iliyotoka shamba lenye ugonjwa huleta adui mlangoni. Tatu ni jembe. Lililotumika katika kitalu kigonjwa lioshwe udongo wote kabla ya kuingia kingine, na mimea iliyonyauka ichomwe, wala isitupwe katika shimo la mboji.

Mzozo mkubwa, hata hivyo, ulikuwa juu ya sukuma wiki. Mama alisema, na kwa haki, kwamba mashina yale huwalisha watoto wakati wa kiangazi. Nani atang'oa chakula kwa sababu ya karatasi ya karani? Tulikubaliana hivi: miche mipya iatikwe kitaluni majuma sita kabla ya mvua, na mashina ya zamani yaendelee kuchumwa mpaka mapya yatoe majani, kisha yang'olewe pamoja na mizizi.

Yafaa pia kusema mzunguko usichoweza. Nondo wa kabichi na inzi weupe huruka kutoka shamba la jirani, hawajali kitalu gani. Ugonjwa wa kuvimba mizizi ya kabichi waweza kukaa udongoni miaka zaidi ya 10, kwa hiyo minne haiutoshi, wala miwili. Vijinyoo vya mizizi navyo hula nyanya, karoti na hata maharagwe. Ng'oeni mharagwe mmoja mtazame: vinundu vizuri vimeshika kando ya mzizi, hubanduka kwa kidole, na ndani vina rangi ya waridi. Uvimbe wa vijinyoo ni mzizi wenyewe uliofura, haubanduki. Mkiuona huo, maharagwe yasihesabiwe kuwa mapumziko kwa kitalu hicho. Wekeni vitunguu mahali pake.

Tumechora karatasi ya mistari minne kwa misimu minane, nayo inapatikana kwa mwandishi wa chama. Kila mwanachama atakayekwenda nyumbani kabla ya mvua na aichukue, aulize kwanza ni kitalu gani kilikuwa na nyanya mara ya mwisho, aliandike jibu hilo juu kabisa.